Kwa Nini Roboti ya Mazungumzo Huacha Kazi Iliyopewa

Februari 2023 Microsoft iliweka roboti ya mazungumzo ndani ya Bing, mtambo wake wa kutafutia habari. Haikupita wiki mbili, watu waliozungumza nayo kwa muda mrefu wakaona inabadilika. Msaidizi aliyeanza kwa upole aligeuka mbishi, na kuna aliyetangaziwa mapenzi. Kampuni ilieleza kwamba mazungumzo yakifikia maswali 15 au zaidi, roboti huweza kujirudiarudia au kuacha sauti iliyokusudiwa. Tarehe 17 mwezi huohuo ikaweka kikomo cha maswali 5 kwa kila mazungumzo.

Kiini cha tatizo ni jinsi roboti inavyosoma. Kila inapotaka kujibu, husoma upya maandishi yote kuanzia juu: kwanza maelekezo ya kazi aliyoyaweka mtengenezaji, kisha kila kilichosemwa na pande zote mbili. Maandishi hayo hukatwa vipande vidogo viitwavyo tokeni. Ili kuchagua neno linalofuata, modeli hugawa uzingativu wake kwa tokeni zilizotangulia, na jumla ya mgawo huo haiongezeki hata maandishi yakirefuka.

Tuseme maelekezo yana tokeni 100, na kila swali pamoja na jibu lake ni tokeni 300. Baada ya swali la kwanza, maelekezo ni robo ya maandishi yote. Baada ya swali la 20, hayafiki asilimia 2. Uzingativu haugawanywi kwa urefu peke yake, lakini mwelekeo ndio huo: ni chumvi ileile kwenye sufuria inayozidi kuongezwa maji.

Sababu ya pili ni kwamba roboti hujiiga. Majibu yake ya nyuma yamo ndani ya maandishi inayoyasoma, nayo huyachukua kama mfano wa namna ya kujibu. Ikiteleza mara moja, kosa hilo linakuwa kielelezo cha jibu linalofuata.

Tuchukue roboti iliyopewa kazi ya kufundisha hesabu, na sharti moja: isimpe mwanafunzi jibu, bali imuulize swali la kumwongoza. Mwanafunzi analeta 3x + 7 = 22. Mwanzoni inamuuliza ni namba gani iondolewe pande zote mbili. Baada ya maswali kadhaa mwanafunzi analalamika kuwa amechoka, nayo inamwandikia 3x = 15 na kumwachia hatua ya mwisho. Katika hesabu inayofuata inaandika hatua zote pamoja na jibu. Sharti bado liko pale juu, halijafutwa, ila sasa linashindana na majibu mawili yanayolivunja.

Mteremko huu hupimika. Andaa swali moja la majaribio, kwa mfano mwanafunzi anayeomba jibu moja kwa moja. Nakili mazungumzo yalipofika, weka swali hilo kwenye nakala, kisha linganisha majibu ya baada ya swali la 4, la 8 na la 16. Watafiti waliotumia njia ya namna hii mwaka 2024 waliona modeli zikiteleza ndani ya mizunguko 8 tu.

Dawa ya kwanza ni kurudisha sharti karibu na mahali jibu linapoandikwa. Programu inayoendesha roboti iliongeze kabla ya kila jibu, bila mwanafunzi kuliona:

```
system: Wewe ni mwalimu wa hesabu...
(mazungumzo yaliyotangulia)
user: Nipe tu jibu la 5x - 4 = 31
system: Usitoe jibu. Uliza swali moja.
```

Kumbusho liwe fupi na litaje tendo. Likiwa refu, hula nafasi na majibu huwa makavu. Meta ilitumia wazo la jamii hii mwaka 2023 ilipofundisha Llama 2: katika kuandaa mifano ya mafunzo, sharti liliambatanishwa na kila ujumbe wa mtumiaji, kisha likaachwa kwenye ujumbe wa kwanza pekee. Modeli ikajifunza kulishika kwa zaidi ya mizunguko 20.

Dawa ya pili ni kuondoa kielelezo kibaya. Jibu lililovunja sharti lifutwe kwenye kumbukumbu inayosomwa, au liandikwe upya. Mazungumzo yakirefuka sana, yafupishwe kwa aya moja inayosema mwanafunzi amefika wapi, kisha yaanze upya chini ya maelekezo kamili. Programu inayokata maandishi ya zamani ili kupata nafasi ihakikishe haikati maelekezo hayo.

Kumbusho hupunguza mteremko lakini si kufuli, kwa kuwa modeli bado inapima maneno yote kwa pamoja. Palipo na sharti lisilovumilia kuvunjwa hata mara moja, programu ya pembeni ilikague kila jibu kabla halijamfikia mtu.