Saa ya boksi yenye mkia: kumfundisha mtoto wa miaka 7 kusoma saa

Mpwa wangu ana miaka 7 na anasoma darasa la pili, zamu ya mchana. Mama yake anatoka nyumbani Gerezani alfajiri kwenda kufungua meza yake Kariakoo, na mtoto anabaki na bibi ambaye macho yake hayaoni vizuri tena. Siku moja mama alimwachia maagizo: "Saa saba kasorobo utoke uende shule. Ukiona mshale mrefu uko kwenye 9 na mfupi unakaribia saba, vaa viatu." Jioni, kwenye saa kumi na moja, alirudi akamkuta mtoto amekaa chini ya saa ya ukutani, sare kavaa, begi mgongoni. "Mama, saba bado haijafika."

Mtoto hakukosea. Alifanya alichoambiwa. Saa saba kasorobo mchana mshale mfupi unakaribia 1, siyo 7. Angesubiri mpaka ukaribie 7 na mrefu uwe kwenye 9, ingekuwa saa moja kasorobo jioni. Mama yeye amesoma saa kwa miaka mingi kiasi kwamba ameshasahau kuwa anachokiona siyo anachokisema.

(Kabla sijaendelea, tukubaliane. Kwenye makala hii nikiandika kwa tarakimu, mfano 7, ni namba iliyochapwa kwenye uso wa saa. Nikiandika kwa maneno, mfano saa moja, ni saa tunayoitamka.)

Ugumu wenyewe unatoka juani. Sisi tunahesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, na hapa Dar, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua halihamihami sana: Novemba linachomoza dakika chache kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na Julai linachelewa mpaka kama saa kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo saa moja, saa nzima ya kwanza ya mchana, inabaki na maana ileile mwaka mzima. Saa za ukutani tunazouziwa, kwa upande mwingine, zinaanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili ni saa sita, na saa sita ni nusu kamili ya mzunguko wa mshale mfupi. Hapo ndipo penye bahati yetu. Nusu ya duara maana yake ni upande wa pili kabisa. Ukichora mstari ulionyooka kutoka 7 ukapita katikati, unatokea 1. Kutoka 1 unatokea 7. Kutoka 10 unatokea 4, na kweli hiyo ni saa nne.

Watu wazima wengi wanaijua kanuni ya "soma namba ya upande wa pili". Lakini kumwambia mtoto wa miaka 7 aangalie namba fulani halafu akilini avuke duara ni kumpa kazi mbili kwa mpigo. Nikaamua mstari huo auone kwa macho, yaani mshale mfupi upewe mkia.

Vifaa ni vya kawaida: katoni ya biskuti, karatasi nyeupe ya A4, gundi, msumari mdogo na kipande cha kandambili iliyochakaa. Weka sahani yenye upana wa sentimita 20 juu ya karatasi, zungushia kalamu, kata. Kupata sehemu 12 huhitaji bikari. Kunja duara nusu, kunja tena nusu, upate robo. Robo hiyo ikunje mara tatu zilizo sawa, kama koni ya aiskrimu. Hapa usikandamize kwanza, sogeza mpaka kingo zilingane ndipo ukandamize. Ukifungua utaona mikunjo 12 inayokutana katikati. Kila mkunjo ni namba moja, 12 ikiwa juu. Bandika kwenye boksi.

Mshale mrefu uwe sentimita 8 na nusu. Mshale mfupi ukate kipande kimoja kilichonyooka cha sentimita 10, na utoboe katikati kabisa. Sentimita 5 za mbele zipake nyeusi, ziwe pana na zenye ncha. Sentimita 5 za nyuma zipunguze ziwe nyembamba, zipake nyekundu, bila ncha. Huo ndio mkia. Pitisha msumari katikati na nyuma uchomeke kwenye kipande cha kandambili ili mishale iwe na ugumu kidogo. Ikiwa milegevu, ukisimamisha saa ukutani mshale mrefu utaanguka wenyewe kwenye 6 na mtoto atasoma "na nusu" siku nzima. Mfupi hauanguki kirahisi, maana mkia unausawazisha.

Sasa kazi ya mtoto kwa mshale mfupi ni moja tu: soma mkia. Kichwa kwenye 7, mkia kwenye 1, saa moja. Siku ya kwanza tulifanya saa kamili tu, tukizifunga kwenye mambo anayoyajua: saa anayoamka, saa ya chai, saa ambayo mama anarudi. Alizimaliza kabla ya magharibi.

Siku ya pili ndipo saa ya boksi ilipoonyesha udhaifu wake mkubwa. Nilimwambia aweke saa moja na nusu. Akapeleka mrefu kwenye 6, mkia ukabaki palepale kwenye 1. Kwake ni sawa, kwa sababu kwenye boksi mishale haijuani. Ndani ya saa ya kweli kuna meno yanayoiunganisha, mara nyingi kwa hatua mbili, moja inapunguza mwendo mara 3 na nyingine mara 4, ili mrefu ukizunguka mara 12 mfupi uzunguke mara moja. Ndiyo maana saa moja na nusu mshale mfupi unakuwa umeshafika katikati ya 7 na 8. Mtoto aliyezoea boksi peke yake akikutana na saa ya ukutani anaona mshale uko baina ya namba mbili, anachagua mojawapo kwa kubahatisha.

Dawa niliyoitumia ni vyumba. Nafasi kati ya mkunjo na mkunjo ni chumba, kama vyumba vya nyumba ya kupanga, na nilivipaka rangi tofauti. Mkia ukiingia mlango wa 1 uko chumba cha saa moja, na unabaki humo mpaka uguse mlango wa 2. Ndani ya kila chumba nikaweka alama tatu ndogo: robo, nusu, robo tatu. Kanuni ya mchezo ni kwamba mkono mmoja unazungusha mrefu, mwingine unasogeza mkia, na mrefu ukimaliza mzunguko mzima lazima mkia uwe umefika mlango unaofuata. Yaani vidole vya mtoto ndiyo vinafanya kazi ya yale meno. Akisahau, unamwuliza tu: "Mrefu umefika nusu, mkia mbona umelala mlangoni?"

Mshale mrefu hausomwi kwa mkia. Unasomwa unapoelekea, kwa kuhesabu tano tano: 1 ni dakika tano, 2 ni kumi, 3 ni kumi na tano, ambayo ndiyo robo. Niliandika dakika hizo pembezoni kwa penseli. Ukiacha hili bila kulisema wazi, kosa linalofuata litakushangaza: mtoto mwerevu atavuka duara kwa mishale yote miwili.

Kwa hiyo nina kipimo kimoja ninachokipenda. Weka mfupi upite 7 kidogo, na mrefu kwenye 3. Jibu sahihi ni saa moja na robo. Akisema "saa saba na robo", amesoma kichwa badala ya mkia. Akisema "saa moja kasorobo", amevuka duara kwa mrefu pia, akaiona 9. Akisema "saa moja na dakika tatu", hesabu ya tano tano bado haijakaa. Pozi moja, makosa matatu, na kila kosa lina dawa yake. Tukienda na "amekosea, rudia" tu, hatujui tunachorudia.

Halafu inakuja kasoro, na hapa nadhani tunawaonea watoto. Tukisema saa saba kasorobo tunataja saa ambayo bado haijafika. Mkia uko chumba cha saa sita, karibu sana na mlango wa 7, na mrefu uko kwenye 9. Mtoto aliyefundishwa vyumba vizuri atasema saa sita na dakika arobaini na tano, na yuko sahihi kabisa. Mwache aseme hivyo kwanza. Ukimlazimisha "kasorobo" mapema, utamsikia anasema "saa sita kasorobo", yaani anachukua chumba alichomo na kukipachika neno la chumba kijacho. Nilimwuliza, "Umebakiza robo kuingia kwa nani?" Akaangalia, akasema, "Kwa saa saba." Basi, hiyo ndiyo saa saba kasorobo.

Mkia lazima uondoke, la sivyo mtoto atakuwa bingwa wa saa moja tu duniani, ile ya mjomba wake. Niliukata kidogo kidogo: ukabaki sentimita 3, baada ya siku kadhaa 1, kisha ukaisha. Ulipokuwa wa sentimita 1 alianza kuweka rula juu ya boksi ili kuurefusha, nikamwacha. Siku chache baadaye rula ikakaa mezani na badala yake kikawa kidole hewani. Rangi za vyumba zilifuata kuondoka. Tulipohamia saa ya ukutani, kikwazo kilichobaki ni mshale wa sekunde, ule mwembamba unaokimbia, ambao aliudhania mkia. Inafaa kumwonyesha mapema kwamba huo hausemi chochote kuhusu saa.

Kuna jambo ambalo uso wa saa hauwezi kumwambia, nalo ni mchana au usiku. Saa saba ya shule na saa saba ya usiku wa manane mishale inakaa mahali palepale. Hilo aliligundua mwenyewe, akaniuliza saa inajuaje kama watu wamelala.

Wiki iliyofuata mama yake alibandika karatasi chini ya saa ya ukutani, amechora mishale: mfupi katikati ya 12 na 1, umesogea zaidi kwa 1, mrefu kwenye 9. Mtoto aliitazama, akachukua penseli nyekundu, akauongezea mkia. Saa saba kasorobo bibi akasikia mlango unafungwa.