Damu Hujuaje pa Kutua Mzigo?

Kabla jua halijachomoza, mikokoteni huanza kupandisha kutoka bondeni Gikomba kuelekea Pumwani. Mtazame hamali aliyeshika mti wa mbele: mapaja yamevimba, shingo imekaza, jasho linamtoka ingawa baridi ya Julai bado inauma. Mwulize nini kinamchoma miguuni, na kuna uwezekano mkubwa akujibu kuwa ni asidi. Vijana wanaocheza Camp Toyoyo, pale Jericho, watakujibu vivyo hivyo, na watakuambia kwamba asidi hiyo ni sumu ya kupigwa vita. Hilo ndilo linaloniudhi. Bila asidi hiyo, hamali yule angekwama katikati ya kilima mapema zaidi.

Shuleni tulifundishwa vizuri jinsi himoglobini inavyobeba oksijeni, lakini jinsi inavyoiachia tulipitishwa haraka haraka. Na kuachia ndiko kwenye kazi. Katika mapafu ya mtu wa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, damu hupata oksijeni ya kutosha kujaza nafasi kama 95 kati ya kila 100 za himoglobini. Mwendo mzima, kutoka moyoni hadi pajani, inaushikilia mzigo huo. Ikifika kwenye kapilari ya msuli ina takriban sekunde moja tu ya kupita, na ndani ya sekunde hiyo lazima itambue kwamba hapa ndipo pa kutua.

Inatambuaje? Himoglobini ina maumbo mawili. Katika umbo lililolegea huishika oksijeni kwa nguvu, na katika umbo lililokaza huiachia kwa urahisi. Maneno yanaonekana kupindana na akili, lakini ndivyo yalivyo: kinachokaza ni mwili wa himoglobini, na ukikaza, nafasi za oksijeni huwa mbaya kukalia. Max Perutz, aliyetumia miaka mingi Cambridge akiichunguza protini hii kwa eksirei, alieleza mwaka 1970 kinacholifunga umbo hilo. Mwishoni mwa mnyororo mmojawapo wa himoglobini, kiungo cha 146, kuna histidini. Damu ikiwa na asidi zaidi, histidini hiyo hudaka chembe ya haidrojeni na kupata chaji chanya, kisha huvutana na kiungo cha 94 chenye chaji hasi. Mvutano huo ni kama komeo. Asidi ikizidi, makomeo mengi zaidi hufungwa, himoglobini hukaza, na oksijeni hutoka.

Kabonidayoksaidi hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia mbili. Sehemu kubwa huingia ndani ya chembe nyekundu, na humo kimeng'enya huichanganya na maji kuwa asidi kwa kasi ya ajabu. Bila kimeng'enya hicho ile sekunde moja isingetosha. Sehemu ndogo hujibandika moja kwa moja kwenye ncha za minyororo na kuongeza makomeo mengine. Christian Bohr na wenzake Hasselbalch na Krogh ndio walioionyesha athari ya gesi hii huko Kopenhageni mwaka 1904. Joto nalo husaidia kuitoa oksijeni, na lina sababu yake: oksijeni inaposhikana na himoglobini hutoa joto, kwa hiyo mahali palipo na joto jingi mshikano huo hulegezwa.

Sasa turudi kilimani. Tuseme kwenye kapilari za paja la hamali shinikizo la oksijeni limeshuka hadi milimita 20 za zebaki. Kama damu yake ingekuwa na joto la nyuzi 37 na pH ya 7.4, kama ya mtu aliyeketi, himoglobini ingebaki na oksijeni katika nafasi kama 31 kati ya 100. Lakini msuli unaofanya kazi unaweza kufikia nyuzi 40, na damu inayoupitia ikashuka hadi pH 7.2. Kwa hali hiyo, kwa shinikizo lile lile, zinabaki nafasi kama 14 tu. Tofauti ni kama mililita 34 za oksijeni kwa kila lita ya damu. Miguu ikipitiwa na lita 15 kwa dakika, hiyo ni nusu lita ya oksijeni ya ziada kila dakika, bila moyo kuongeza hata pigo moja. Ukiuchora mkunjo wa herufi S wa himoglobini, utaona wote umesogea kulia.

Mwaka 1994 huko Kalifonia, William Stringer, Karlman Wasserman na wenzao walichota damu kutoka kwenye mshipa wa paja la watu waliokuwa wakiendesha baiskeli za mazoezi. Kazi ilipozidi kuwa ngumu, shinikizo la oksijeni katika damu hiyo lilishuka, kisha likasimama. Lakini oksijeni iliyobaki kwenye himoglobini iliendelea kupungua. Shinikizo halikuwa likishuka tena. Asidi ndiyo iliyokuwa ikiitoa.

Mapafuni mkunjo uliosogea kulia hupunguza oksijeni inayopakiwa, lakini hasara ni ndogo, kwa sababu huko juu mkunjo ni bapa, na tukipumua nje kabonidayoksaidi hupungua na mkunjo hurudi kushoto. Lakini Nairobi hatuna akiba kubwa ya shinikizo kama mtu wa Mombasa.

Ndiyo maana nasikitika nikiona vijana wakivuta pumzi ndefu za haraka kabla ya mechi, wakiamini wanajaza oksijeni. Damu yao tayari imejaa. Wanachofanya ni kuifukuza kabonidayoksaidi, pH inapanda, himoglobini inang'ang'ania mzigo, na mishipa ya ubongo inabana hadi kizunguzungu. Afadhali wangekimbia polepole dakika kumi wapashe misuli moto.

Mfumo huu hauwezi kila kitu. Hamali akikwama na kuuzuia mkokoteni usirudi nyuma, misuli iliyokaza bila kuachia huibana mishipa yake yenyewe. Damu haifiki, basi hakuna cha kuachiwa, na miguu huanza kutetemeka. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kitaendelea kusoma 95, kwa kuwa kinapima damu inayotoka moyoni, si iliyopita msulini.

Kuna adui halisi, na huyo tunamlea wenyewe. Kabonimonoksaidi ya jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa, au ya taka zinazoungua, huchukua nafasi za oksijeni, kisha hufanya nafasi zilizobaki zishike kwa nguvu kupita kiasi: mkunjo unasogea kushoto. Kipimo cha kidoleni hudanganyika na kuihesabu kama oksijeni. Dampo la Dandora lilifunguliwa 1975 na likatangazwa kuwa limejaa 2001, lakini bado linafuka moshi juu ya Korogocho na Kariobangi, na watoto wanacheza mpira chini yake. Ni aibu ya jiji zima.

Kusogea huku kwa mkunjo kuko kwingi. Damu ya benki iliyokaa siku nyingi hushika oksijeni kupita kiasi kwa saa kadhaa baada ya kutiwa mgonjwa. Mgonjwa aliyepozwa kwa upasuaji wa moyo huwa hivyo pia. Na katika Hospitali ya Pumwani, kwenye kondo la kila mama, mtoto humpa mama kabonidayoksaidi, damu ya mama ikalegeza mkono wakati ule ule damu ya mtoto inapoukaza.