Kilwa katika Herufi 140

Weka kigae cha bakuli la Kichina ndani ya kabati la kioo. Ni cha kijani kibichi chenye rangi ya jani la mgomba lililochanika, kilichong'olewa kwenye mchanga wa Kilwa Kisiwani. Pembeni yake kuna bango lenye maneno mia na zaidi kuhusu Husuni Kubwa, dhahabu ya Sofala, pepo za kaskazi na kusi, na safari ya Ibn Battuta mwaka 1331. Sasa umeombwa uandike lebo ya Kijapani kwa mgeni wa kawaida, aliyesimama na mkoba begani, na ambaye mwenzake ameshaenda kabati linalofuata.

Nafasi yenyewe inahesabika. Herufi ya ukubwa wa pointi 18 ina upana wa milimita sita na ushee, na katika Kijapani kila herufi hukaa ndani ya mraba wake, iwe kanji yenye mistari ishirini au alama ya kikomo. Mstari wa herufi 20 unachukua takriban sentimita 13. Kadi ya kawaida inabeba mistari saba kabla haijageuka kuwa ukurasa wa kitabu: herufi 140. Mstari wa kwanza ni wa jina la kitu, kilikotengenezwa na karne yake. Masimulizi yanabakiwa na herufi 120. Mjapani anayesoma kwa mwendo wa kawaida huzimaliza kwa sekunde kumi na tano hivi, na hizo ndizo sekunde ambazo mgeni huwa tayari kukupa.

Watu wengi hutafsiri bango lote kwanza, wapate herufi mia tatu na kitu, kisha waanze kukata. Ni njia mbaya. Wanachokata ni vivumishi, halafu viunganishi, halafu sababu, na mwisho inabaki orodha ya majina na miaka ambayo hata aliyeiandika haimsisimui. Afadhali kuanza upande wa pili: mgeni huyu anajua nini tayari, ili tusilipie herufi hata moja kukieleza?

Kuhusu kile kigae, anajua mengi. Vyombo vya kijani vya tanuri za Longquan, katika jimbo la Zhejiang, viliuzwa Japani pia, na hadi leo vipande vyake huokotwa kwenye ufuo wa Zaimokuza mjini Kamakura. Kwa Kijapani aina hiyo huitwa seiji, herufi mbili tu, na mtu aliyewahi kuingia makumbusho yoyote ya Japani ameiona. Zaidi ya hapo, zama za Kamakura ziliisha mwaka 1333, miaka miwili tu baada ya Ibn Battuta kushuka Kilwa. Ukitaja ufuo wa Kamakura umempa msomaji karne, bidhaa na bahari kwa pamoja. Pepo za msimu nazo ni herufi tatu za kanji, neno analolijua tangu masomo ya jiografia shuleni.

Gharama iko kwenye yale asiyoyajua. Majina ya kigeni huandikwa kwa katakana, sauti kwa sauti, na hula nafasi bila huruma. Ibn Battuta peke yake ni herufi kumi, nusu ya mstari. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa, akiandikwa kikamilifu anapita kumi na mbili. Kwa hiyo sultani anabaki kwenye bango, na Ibn Battuta anakuwa "msafiri" tu, mwaka wake ukimtambulisha kwa anayetaka kumtafuta. Majina mafupi yana mtego wake. Lamu kwa katakana ni herufi mbili, zile zile zinazoandika pombe ya ramu na nyama ya mwanakondoo, hivyo lazima uongeze kanji ya kisiwa. Kilwa haina balaa hiyo, lakini nayo huongezwa kisiwa ili msomaji asidhani ni jina la mtu.

Baada ya hesabu hiyo, lebo niliyoiandika kwa mfano huu inasema hivi, nikiirudisha kwa Kiswahili: "Vyombo vya tanuri zile zile zinazotoa vipande vinavyookotwa ufuoni Kamakura vilifika pia kisiwa cha Kilwa, mashariki mwa Afrika. Wafanyabiashara wa Kiswahili, waliojenga miji ya mawe pwani, walipakia dhahabu na pembe kutoka bara katika vyombo vilivyoendeshwa na pepo za msimu, wakapata nguo na vyombo vya udongo. Msafiri aliyefika mji huu mwaka 1331 aliandika uzuri wake." Kwa Kijapani ni herufi 118.

Ikaingia kwenye mistari sita, ikaonekana imekamilika. Kisha ukiipanga unaona kasoro. Kijapani hakina nafasi kati ya maneno, na mstari hukatika popote mradi nukta au mkato usianze mstari mpya. Hapa mstari wa kwanza uliishia na "a", na "furika" ikaangukia wa pili. Kompyuta haioni kosa lolote. Jicho la msomaji hujikwaa, kwa kuwa katakana zisizo na kichwa hazina maana. Dawa ni kuisukuma ile herufi moja chini, na kwa bahati mstari wa mwisho ulikuwa na nafasi. Kama usingekuwa nayo, ingebidi sentensi iandikwe upya.

Sehemu inayohitaji ubishi zaidi ni "wafanyabiashara wa Kiswahili". Kuandika "wafanyabiashara wa Kiarabu" kunaokoa herufi, na msomaji wa Kijapani aliyekulia na hadithi za Sindbadi hahitaji maelezo yoyote. Njia nyingine ya mkato ni kumtoa mtendaji kabisa. Kijapani huruhusu sentensi isiyo na mtu: pembe "ilipelekwa", vyombo "vililetwa", kwisha. Ni safi, fupi, na ni ufasaha halisi wa lugha hiyo, ndiyo maana mhariri wa Tokyo hataona tatizo. Lakini ukiandika hivyo, watu wa Kilwa wanageuka kuwa watazamaji wa bandari yao wenyewe. Mimi nilitumia herufi kumi za ziada kusema kwamba hao Waswahili ndio waliojenga miji ya mawe, na niliziona ni bei nzuri kuliko zote katika kadi nzima.

Hesabu hiyo hiyo huwa ngumu zaidi kwenye kabati la karne ya 19 huko Zanzibar. Bango husema karafuu, pembe na watumwa. Kwa Kijapani "watumwa" ni herufi mbili, nao hukaa vizuri kwenye orodha, katikati ya bidhaa. "Watu waliotiwa utumwani" ni herufi nane. Sita za ziada zinatosha kutaja karafuu, pembe na mkato mmoja, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Ninachopendekeza ni kuwatoa kwenye orodha: bidhaa zikae katika sentensi yake, watu wapate sentensi fupi yao ya herufi kumi na tano hivi, ikisema kwamba nao walivushwa bahari. Mwaka 1873, soko lilipofungwa, unaweza kwenda kwenye kadi ya jirani.

Kabla ya kuchapa, lebo hurudishwa kwa Kiswahili na mtu ambaye hajaliona bango, na tafsiri hiyo husomewa mtu wa Pwani anayeijua historia yake. Haulizwi kama lugha ni nzuri. Anaulizwa: katika kadi hii, nani alifanya biashara? Akijibu "Waarabu" au "haijasemwa", kadi inarudi mezani.