Kabla ya kumeza dawa za kuongeza damu, pima nini?

Ukisikia kizunguzungu na uchovu, jirani atakuambia ununue vidonge vya damu Bwera au Kasese mjini. Kabla ya kutoa pesa yako, omba vipimo viwili vidogo: himoglobini, yaani wingi wa damu, na malaria. Vyote hufanywa kwa tone la damu ya kidoleni.

Kipimo cha feritini huonyesha akiba ya madini chuma mwilini. Ni kipimo kizuri, lakini hapa kwetu kinaweza kudanganya, kwa sababu homa na maambukizo huipandisha feritini hata kama ghala ni tupu. Tuchukue mfano wa mama asiye na mimba. Himoglobini yake ni 9, na inatakiwa angalau 12. Feritini yake ni 40. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, upungufu huhesabiwa chini ya 15, basi ataambiwa chuma kinatosha. Lakini ana malaria, na kwa mgonjwa wa namna hiyo Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu chini ya 70. Kwa hiyo mama huyu huenda anahitaji chuma. Atibiwe malaria kwanza, kisha aanze vidonge. Baada ya wiki nne himoglobini ipimwe tena; isipopanda kwa gramu 1 hivi, mganga atafute sababu nyingine, kama minyoo ya safura.

Kwa watoto wadogo, usianze mwenyewe. Kisiwani Pemba watoto wengi walipewa chuma pamoja na asidi foliki bila kupimwa kwanza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba walilazwa na kufa zaidi kuliko wale ambao hawakupewa. Katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria vizuri, watoto waliopungukiwa na chuma walipata nafuu. Dawa ilikuwa ile ile. Na mtoto ambaye damu hupungua mara kwa mara, macho yakawa ya manjano, apimwe selimundu. Kumwongezea chuma ovyo kunaweza kumdhuru.

Mama mjamzito hahitaji kungoja feritini. Vidonge vya chuma na asidi foliki vya kliniki ya wajawazito ni haki yake, kila siku.

Na vitamini D? Mstari wa Ikweta unapita wilaya ya Kasese, na ngozi hutengeneza vitamini hiyo kwa jua. Mtu mzima anayelima au kuchota maji mchana asilipie kipimo hicho bila sababu. Ila mtoto ambaye miguu inapinda au vifundo vya mikono vinavimba, mpeleke kwa mganga: hapo tatizo laweza kuwa vitamini D, au chakula kisicho na kalisi ya kutosha, na kipimo kina kazi.