Mauzo yote au kamisheni tu: hesabu za mfanyabiashara wa madini kati ya Walikale na Goma

Mapato ya mfanyabiashara wa kati huandikwa kwa namna moja kati ya mbili. Akiuza mali iliyo mikononi mwake, yeye ni mhusika mkuu, na bei yote anayolipwa ni mauzo yake. Akimtafutia mwingine mali au mnunuzi, ni wakala, na mapato yake ni kamisheni peke yake. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 15, kinachotumika tangu 2018, kinaamua jambo hili kwa swali moja: kabla mali haijamfikia mteja, nani alikuwa na udhibiti juu yake?

Swali hilo ni gumu sana katika biashara ya madini ya Kivu ya Kaskazini. Kwa miaka mingi kasiteriti ya Bisie, wilayani Walikale, ilibebwa mgongoni kupitia msituni hadi Njingala, kisha ikapandishwa ndege ndogo zilizotua kwenye barabara huko Kilambo na kupelekwa Goma. Kati ya mchimbaji na kampuni ya kusafirisha nje alisimama negosiani, na mara nyingi alinunua kwa fedha alizotangulizwa na kampuni hiyohiyo.

Chukua mfano wa negosiani wa kubuni aliyepitisha kilo 20,000 kwa mwaka. Wachimbaji aliwalipa dola 9.50 kwa kilo, na kampuni ya Goma ikamlipa 10. Akijihesabu mhusika mkuu, ataandika mauzo ya dola 200,000 na ununuzi wa 190,000. Akijihesabu wakala, ataandika kamisheni ya dola 10,000. Faida ni ileile, lakini benki inayopima mkopo kwa ukubwa wa mauzo itaona biashara mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo kishawishi cha kuandika namba kubwa kipo, na mkaguzi anapaswa kukitarajia.

Ankara haimalizi ubishi. Sheria ya biashara ya OHADA, jumuiya ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2012, inamtambua wakala anayefanya mkataba kwa jina lake mwenyewe huku akimfanyia kazi mwingine. Jina lililoandikwa juu ya risiti linaweza kuwa la negosiani, na mali isiwe yake hata kidogo.

Fedha za kutangulizwa nazo hupotosha. Wengi hudhani kwamba anayenunua kwa fedha za kampuni ni wakala wake. Si lazima iwe hivyo. Mkaguzi aulize: gunia likiibiwa njiani, au mzigo ukizuiwa, negosiani anadaiwa fedha zile? Ikiwa lazima azirudishe zote, alichopewa kilikuwa mkopo, na hasara ya mzigo ni yake. Hiyo ni dalili nzito kwamba ni mhusika mkuu. Ikiwa kampuni inafuta deni na kutuma fedha nyingine, mali ilikuwa ya kampuni tangu iliponunuliwa.

Jibu la kuaminika zaidi halimo katika mkataba, limo katika yaliyotokea. Rubaya, wilayani Masisi, ilipotekwa na M23 mwishoni mwa Aprili 2024, swali la nani abebe hasara ya mzigo uliokwama halikuwa tena la karatasini. Mkaguzi atafute mzigo wa namna hiyo katika daftari, kisha afuate deni lake katika taarifa za benki na za fedha za simu hadi aone aliyelipa.

Maabara hutoa ushahidi wa pili. Kasiteriti hulipwa kwa kiwango cha bati kilichomo. Kipimo cha Goma kikiwa chini ya makadirio ya machimboni, tofauti hiyo humwangukia mtu. Negosiani anayelipwa senti 50 zake kwa kila kilo bila kujali kipimo anafanana na wakala. Anayekatwa faida yake yote kwa sababu ya mchanga uliochanganywa anabeba hatari ya mwenye mali.

Uhuru wa kupanga bei ni dalili pia, ila hapa usipewe uzito kupita kiasi. Bei ya bati hufuata soko la London, na hata mwenye mgodi haipangi. La maana ni kama negosiani anaweza kumkataa mnunuzi mmoja akauza kwa mwingine. Hatari ya kutolipwa na mteja, iliyokuwa miongoni mwa dalili zamani, iliondolewa kwenye orodha mwaka 2016.

Negosiani huyo huyo anaweza kuwa wakala katika mkataba mmoja na mhusika mkuu katika mwingine, hivyo kila mkataba upimwe peke yake. Akionekana kuwa wakala, marekebisho hayaishii kwenye mauzo. Magunia yaliyolala ghalani mwisho wa mwaka yatolewe kwenye mali yake, na fedha za kampuni ambazo hazijatumika zibaki katika hesabu zake kama deni analodaiwa.