Hatua Nzito Inapokopa Muda

Prosesa haifanyi kazi kubwa kwa mkupuo mmoja. Kuzidisha namba mbili, kwa mfano, hukatwa katika hatua kadhaa, na kila hatua ikimaliza sehemu yake huikabidhi inayofuata. Saa ya chipu ndiyo inayoamua makabidhiano yafanyike lini. Saa hiyo haina mishale. Ni waya ambao umeme wake hupanda na kushuka bila kukoma, mara bilioni moja kwa sekunde ikiwa chipu ni ya gigahezi 1. Mzunguko mmoja basi huchukua pikosekunde 1000.

Tabu ni kwamba hatua hazilingani uzito. Wahandisi wengi huweka kati yake kihifadhi kiitwacho flipu-flopu, ambacho hupokea thamani papo hapo umeme wa saa unapopanda. Iliyowahi husubiri, iliyochelewa kidogo tu haipokelewi. Ndiyo maana kasi ya chipu nzima hupangwa na hatua moja iliyo nzito kuliko zote, hata kama nyingine zinakaa bure.

Lachi ina tabia nyingine. Ni mlango unaobaki wazi nusu nzima ya mzunguko, kisha ukafungwa nusu inayobaki. Thamani ikifika mlango ukiwa wazi hupita moja kwa moja, haisubiri mpigo mwingine. Alpha 21064, prosesa ya megahezi 200 iliyotolewa na kampuni ya Digital mwaka 1992, ilijengwa kwa lachi za namna hii.

Tuchukue lachi tano zilizopangwa mstari mmoja. Ya kwanza, ya tatu na ya tano hufunguka umeme ukiwa juu. Ya pili na ya nne umeme ukiwa chini. Kati yake kuna hatua nne, kila moja imegawiwa pikosekunde 500, lakini mahitaji yao halisi ni 450, 700, 400 na 350. Tusihesabu muda mdogo unaotumiwa na lachi zenyewe.

Hatua ya kwanza inaanza kwenye sifuri na kumaliza kwenye 450. Lachi ya pili inafunguka kwenye 500, kwa hiyo inangoja. Hatua ya pili, ile nzito, inatoka hapo na kufika kwenye 1200. Lachi ya tatu ilikwisha kufunguka tangu 1000 na haitafungwa hadi 1500, basi thamani inapenya ikiwa na deni la pikosekunde 200. Hatua ya tatu inaanza na deni hilo, inatumia 400, inafika kwenye 1600. Deni limebaki 100. Ya nne inamaliza kwenye 1950, na lachi ya tano inafunguka 2000. Deni limelipwa, na zimebaki 50.

Kwa flipu-flopu, hatua mbili za mwanzo zingehesabiwa kama moja ya pikosekunde 1150, na saa ingelazimika kushuka hadi megahezi 870 hivi.

Angalia lakini nani amelipa. Zile 50 alizobakiza wa kwanza hazikumsaidia wa pili, kwa sababu mlango ulikuwa bado umefungwa. Mkopo hutoka kwa jirani wa mbele tu. Muda ulioachwa nyuma hufia mlangoni, isipokuwa mhandisi aihamishe lachi yenyewe ili mzigo ugawanywe upya.

Mkopo una kikomo pia. Thamani inatakiwa itulie kidogo kabla mlango haujafungwa. Ikiwa utulivu huo unahitaji pikosekunde 50, deni haliwezi kuzidi 450. Hatari zaidi ni njia inayozunguka na kurudi ilikoanzia. Duara lililopewa mzunguko mmoja likichukua 1050, kila awamu huongeza deni la 50. Awamu tisa zitapita salama, ya kumi itavuruga hesabu. Jaribio fupi halitaliona kosa hilo.

Dawa ya uchelewaji ni kupunguza kasi ya saa, na hiyo ndiyo namna ya kuutambua: ukipunguza, kosa linatoweka. Kuna kosa jingine lisilosikia dawa hiyo. Mpigo wa saa ukifika kwenye lachi mbili jirani kwa nyakati zinazopishana, zote mbili zinaweza kuwa wazi kwa kitambo, na thamani iliyopita katika hatua nyepesi mno ikavuka milango miwili kwa safari moja. Kupunguza kasi hakusaidii, kwa kuwa kitambo hicho kinabaki vilevile. Hapo hatua nyepesi, wale wale wakopeshaji wetu, huongezewa vipitishi vya kuwachelewesha makusudi.