Folda Inapokataa Kupokea Faili

Wiki hii nataka tuzungumzie maneno mawili ambayo huwasumbua sana watu wanaoendesha tovuti za shule, vyama na maduka. Maneno hayo hutokea kwa Kiingereza: `Permission denied`. Maana yake ni kwamba ruhusa imekataliwa. Mwananchi anajaza fomu kwenye tovuti, anachagua hati iliyomo katika simu yake, anabonyeza kitufe cha kutuma, kisha anaambiwa kuwa faili halikupokelewa. Mwenye tovuti naye anaingia kwa jina lake, anaweka faili katika folda ile ile, na linakubali mara moja. Hapo watu huanza kusema kuwa kompyuta ina mashetani.

Kompyuta haina mashetani. Ukweli ni kwamba waliobisha hodi ni watu wawili tofauti, na kila mmoja amepewa jibu lake.

Seva nyingi za tovuti duniani zinatumia mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Linux ilirithi utaratibu wake wa ruhusa kutoka mfumo wa zamani zaidi uitwao Unix, na amri ya `chmod`, ambayo ndiyo hubadilisha ruhusa hizo, imo tayari katika mwongozo wa kwanza wa Unix wa mwaka 1971. Kwa utaratibu huo, kila faili na kila folda ina mwenyewe mmoja na kundi moja. Mtu yeyote asiye mwenyewe wala si wa kundi hilo huhesabiwa miongoni mwa wengine.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawaambiwi. Programu inayopokea faili kutoka kwenye tovuti nayo ni mtumiaji wa kompyuta, na ina jina lake. Katika Linux za aina ya Debian na Ubuntu, jina hilo kwa kawaida ni `www-data`. Wewe uliyeingia kwa jina lako ni mtu mmoja, na `www-data` ni mtu mwingine kabisa. Kwamba wewe unaweza kuandika katika folda hakumsaidii yeye hata kidogo.

Nitawapa mfano. Kipo chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho sitakitaja jina, kilichoniomba niangalie tovuti yake. Wanachama walikuwa wanatuma fomu za kuomba mkopo kwa njia ya tovuti, pamoja na nakala ya kitambulisho na hati ya mshahara. Seva ilikuwa ya kukodi, na ofisi nyingine mbili zilikuwa na akaunti zao katika mashine hiyo hiyo. Folda ilipotengenezwa na karani wa chama, ilikuwa na sura hii:

```
$ ls -ld /var/www/html/fomu
drwxr-xr-x 2 karani karani 4096 May 12 09:40 /var/www/html/fomu
```

Tuisome pamoja. Herufi `d` ya mwanzo inasema kuwa hii ni folda. Baada yake kuna herufi tisa, na tuzigawe tatu tatu. Tatu za kwanza, `rwx`, ni za mwenyewe. Tatu za kati, `r-x`, ni za kundi. Tatu za mwisho, `r-x`, ni za wengine wote. Mbele kidogo tunaona `karani` mara mbili: mwenyewe ni karani, na kundi nalo linaitwa karani.

Herufi hizo zina hesabu yake. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, na `x` ni 1. Ukijumlisha zote unapata 7. Ukiondoa kuandika unabaki na 5. Kwa hiyo folda ya karani ni 755: mwenyewe 7, kundi 5, wengine 5. Namba hizi tatu zilichaguliwa kwa akili, maana kila jumla ina njia moja tu ya kupatikana. Ukiona 6 unajua ni 4 na 2, haiwezi kuwa kitu kingine.

Kwenye folda, maana ya ruhusa hizo inatofautiana kidogo na ya faili. Kusoma folda ni kuona orodha ya majina yaliyomo. Ile 1 ni ruhusa ya kupita mlangoni ili kufikia kilichomo ndani. Na kuandika katika folda ni kuongeza jina, kulifuta au kulibadilisha. Hili la mwisho mlikumbuke, nitalirudia.

Basi `www-data` alipokuja na fomu ya mwanachama, mfumo ulimwuliza maswali kwa mpangilio. Je, wewe ndiwe karani? Hapana. Je, umo katika kundi la karani? Hapana. Basi wewe ni miongoni mwa wengine, na wengine wana 5: soma, pita, lakini usiandike. Fomu ikakataliwa. Na mfumo ukishakupata katika ngazi moja, hauendelei kutafuta ngazi nyingine yenye huruma zaidi. Mwenyewe aliyepewa 0 hunyimwa hata kama kundi lake lina 7.

Mtu akitaka kuthibitisha badala ya kubahatisha, ajaribu kuandika kwa jina la huyo mtumiaji:

```
$ sudo -u www-data touch /var/www/html/fomu/jaribio
touch: cannot touch '/var/www/html/fomu/jaribio': Permission denied
```

Akipata jibu hilo, tatizo ni ruhusa. Akiambiwa `No space left on device`, nafasi ya diski imejaa, na hakuna `chmod` itakayomsaidia.

Yule karani hakujua habari za `www-data`. Alimpigia simu fundi, naye fundi akamwambia aandike `chmod 777 fomu`. Fomu zikaanza kuingia siku ile ile. Nilipofika na kumwuliza, alinijibu kwa heshima zote: "Mzee, si inafanya kazi? Mbona watu wote wanatumia 777?"

Nikamwambia, "Inafanya kazi, mwanangu, lakini tazama umemfungulia nani."

Maana 777 inampa 7 mwenyewe, inalipa 7 kundi, na inawapa 7 wengine wote. Katika mashine ile, wengine walikuwa pia wenye akaunti wa zile ofisi mbili. Yeyote kati yao aliweza kuingia katika folda na kusoma mshahara wa mwanachama na namba ya kitambulisho chake. Tena aliweza kufuta fomu yake, au kuiondoa na kuweka nyingine yenye jina lile lile. Karani alibisha kidogo, akasema kila fomu ina 644, yaani ni mwenyewe tu anayeiandika. Hapa ndipo narudia lile nililowaomba mlikumbuke: kufuta faili ni kuandika katika folda, si kuandika katika faili. Ulinzi wa faili hauzuii kufutwa kwake ikiwa folda iliyolibeba iko wazi. Sikuona dalili kwamba kuna aliyezigusa fomu zile, lakini mwombaji mkopo hapaswi kutegemea wema wa majirani asiowajua.

Tulifanya mambo matatu. Kwanza, folda tuliiondoa chini ya `/var/www/html`, nitaeleza sababu baada ya kitambo, tukaihamishia `/srv`, na karani akabadilisha njia hiyo katika programu ya tovuti. Pili, folda tuliikabidhi kwa kundi la `www-data`, karani akabaki kuwa mwenyewe. Tatu, tukaweka namba mpya.

```
sudo mv /var/www/html/fomu /srv/fomu
sudo chgrp www-data /srv/fomu
sudo chmod 2770 /srv/fomu
```

Sasa karani ana 7 kwa kuwa ni mwenyewe, `www-data` ana 7 kwa kuwa ni wa kundi, na wengine wana 0. Hata mlangoni hawapiti. Ile 2 ya mbele inaagiza kwamba kila faili jipya litakalowekwa humo lichukue kundi la folda, badala ya kundi la aliyeliweka. Bila hiyo, hati atakayoiweka karani mwenyewe ingebaki katika kundi la karani, na siku atakapofunga ruhusa za wengine, tovuti ingeshindwa kuisoma. Tulirudia lile jaribio la `touch`, na safari hii halikutoa neno lolote. Katika Linux, ukimya ni jibu jema.

Ikiwa namba za folda ni sawa na bado unakataliwa, kagua njia nzima. Kila folda iliyo juu yake lazima impe `www-data` ile 1 ya kupita. Folda yenye 777 iliyomo ndani ya nyumba ya mtumiaji yenye 700 haifikiki kwa `www-data`. Amri ya `namei -l` ikifuatiwa na njia hiyo itakuonyesha milango yote, mmoja baada ya mwingine. Na katika Linux za aina ya Red Hat kuna mlinzi wa ziada aitwaye SELinux, anayeweza kukataa hata namba zikiwa sahihi kabisa.

Sasa ile sababu ya kuhamisha folda. Ndugu zangu, namba hizi zinawapima watumiaji walio na majina ndani ya mashine. Mgeni anayefungua tovuti kutoka Kariakoo au Mombasa hana jina humo; anahudumiwa na `www-data`, na kile ambacho `www-data` anaweza kukisoma, mgeni huyo anaweza kupewa. Folda ikiwa chini ya `/var/www/html`, hata iwe 2770, mtu anayelijua jina la faili anaweza kulivuta kwa kivinjari chake. Mbaya zaidi, mwovu akifanikiwa kupakia faili la programu badala ya picha, seva inaweza kuliendesha. Folda ikiwa nje ya eneo hilo, hati hutoka pale tu programu ya tovuti inapoamua kuitoa.

Kwa sababu hiyo hiyo, ikiwa tovuti za majirani nazo zinaendeshwa na `www-data` yule yule, kundi peke yake halitatenganisha fomu zenu na programu zao. Tulimwomba mwenye seva aipe kila tovuti mtumiaji wake, naye akafanya hivyo. Tuliweka kundi la mtumiaji huyo mpya badala ya `www-data`, na namba 2770 haikubadilika.

Kwa hiyo, msikilizaji mpenzi, siku folda itakapokukatalia, usianze kwa kuuliza ni namba gani uandike. Uliza kwanza ni nani aliyebisha hodi. Ukishamjua kwa jina, namba itajileta yenyewe, na mara chache sana itakuwa 777.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.